Laini Mbili, Zote Hai

Kila asubuhi nafuta kioo cha kaunta kwa gazeti na spiriti kidogo, napanga maboksi ya maonyesho kuanzia simu kubwa hadi ndogo, kisha natia barafu kwenye chupa ya tereré, ile chai baridi ya majani, ya don Wilfrido, maana bosi wangu hazungumzi na mteja kabla hajafyonza mara tatu. Jumatatu ile nilikuwa kwenye boksi la tano. Mtu akaweka simu juu ya kioo kilichokuwa bado kibichi, akaisukuma taratibu mpaka ikagusa vidole vyangu.

Nilimtambua mwenye simu kabla sijainua macho. Ilikuwa simu niliyoiuza mimi mwenyewe mwezi wa tatu, yenye kifuniko cha maua ya zambarau alichokichagua mama mmoja tunayemwita kwa heshima ña Fidelina, baada ya kuzunguka ghorofa nzima. Sasa ña Fidelina alikuwa amesimama mbele yangu na sare yake ya kazi, ingawa kazi yenyewe iko Foz, upande wa Brazil, ng'ambo ya daraja, na saa ile alipaswa kuwa huko. Nyuma yake alisimama mwanamke mrefu wa Kibrazili, miwani ya jua kichwani, mkoba umebanwa kwapani.

"Huyu ndiye aliyeniuzia," ña Fidelina alimwambia. "Muulize yeye, dona Ivete. Mimi nimeshasema yangu."

Dona Ivete hakuniuliza. Alieleza, kwa ile lugha yetu ya kaunta ambayo nusu ni Kireno chao na nusu ni Kihispania chetu. Ña Fidelina amemtunza baba wa dona Ivete, mzee Arlindo, kwa miaka kumi na moja, na ndiye mwenye funguo za fleti. Jumamosi asubuhi dona Ivete alikuwa safarini Cascavel. Mzee akateleza bafuni, na majirani waliosikia kelele zake wakampigia binti yake. Dona Ivete akapiga simu mara tisa kwenye laini ya Brazil ya ña Fidelina, ili avuke daraja kwa pikipiki akamwinue. Mara tisa sauti ya mashine ikamwambia simu imezimwa au iko nje ya mtandao. Mzee alilala juu ya vigae kwa saa mbili, mpaka majirani wakavunja mlango. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika.

"Alizima simu," alimaliza. "Angalau angekubali. Lakini ananitazama machoni na kusema ilikuwa wazi."

Ña Fidelina alisema ilikuwa wazi. Alikuwa nyumbani kwake karibu na mto, mahali ambapo minara ya nchi zote mbili inashika vizuri, akizungumza na dada yake kwa laini ya Paraguay. Waligombana karibu saa mbili kuhusu nani ataoka chipa, ile mikate ya jibini, za misa ya marehemu mama yao. Simu ilikuwa sikioni, inaongea. Alipokata hakukuta hata simu moja iliyokosa kupokelewa. Baadaye tu ndipo ujumbe wa mtandao ulipoingia, kwamba nambari fulani ilimtafuta mara tisa.

Mimi nilikuwa nimeshajua kosa liko wapi.

Mwezi wa tatu ña Fidelina alikuja na simu ya zamani yenye trei moja ya nafasi mbili. Nafasi ya kwanza ilikuwa ya chipu, yaani kadi ya laini. Ya pili ilikuwa ya kugombaniwa, ama chipu ya pili, ama memori kadi, lakini si vyote kwa pamoja. Memori kadi yake ilikuwa na sauti za mama yake, zile jumbe ndefu za kikongwe asiyejua pa kubonyeza ili amalize. Kwa hiyo siku za kazi alitia chipu ya Brazil, Jumapili akaitoa kwa pini ya nywele, akatia memori kadi, akamsikiliza mama. Fundi wa kibanda cha jirani alikuwa tayari kumkwangulia plastiki ya chipu na kuibandika juu ya memori kadi, kama wanavyofanya wengi hapa. Mara nyingine inakubali, mara nyingine trei inang'oka na meno yake. Ña Fidelina alikataa. Hakutaka sauti ya mama yake iguswe na gundi.

Don Wilfrido ndiye aliyemwonyesha simu hii. Kumbukumbu ya kutosha ndani, nafasi moja ya chipu, na eSIM, yaani laini isiyo na kadi. Unakwenda duka la kampuni ya simu, unapewa karatasi yenye mchoro wa mraba, unaupiga picha, laini inaingia yenyewe. Mpaka hapo hakuna uongo. Ña Fidelina alivuka daraja, akaleta karatasi yake ya Brazil, nikamwekea mimi. Sauti za mama yake nikazihamishia ndani, moja moja.

Uongo ulikuwa kwenye kibandiko. Don Wilfrido huandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu na kukibandika kwenye kila boksi: LAINI MBILI, ZOTE HAI. Na mimi, siku ile, ña Fidelina aliponiuliza kama akiwa anaongea na dada yake, mzee Arlindo anaweza kumpata, nilimtazama bosi. Bosi akasema ndiyo, hiyo ndiyo faida ya eSIM, inajitegemea. Nikarudia: ndiyo, mama.

Nilisomea mambo haya miaka mitatu. Simu nyingi za laini mbili, ziwe na chipu mbili au chipu na eSIM, zina redio moja tu. Ni kama mlinzi mmoja wa mageti mawili. Asipokuwa na kazi anasikiliza huku na huku kwa zamu, na yeyote atakayebisha atafunguliwa. Akishaanza kuzungumza na mgeni wa geti moja, la pili halina mtu. Anayebisha hapo anaambiwa hakuna anayeishi humu. Kuondoa plastiki ya chipu hakuongezi mlinzi wa pili. Zipo simu zenye redio mbili, ambazo zinaita laini ya pili ukiwa unaongea na ya kwanza. Kwenye kabati letu zilikuwa tatu, za bei ya juu, na zilikuwa na kibandiko kilekile.

Na hayo si maudhi ya kwanza. Nimeona mkulima kutoka Minga Porá akigeuza simu ya toleo la Marekani huku na huku akitafuta tundu la trei. Haina tundu. Simu hiyo inapokea eSIM pekee, na yeye mkononi ana chipu mbili, moja ya kila nchi. Nimeona mwingine aliyeuziwa toleo la China, nafasi mbili za chipu na hakuna eSIM kabisa, akirudi na karatasi yake ya mraba isiyo na pa kuingia. Wote tuliwaambia wasome boksi. Boksi limeandikwa Kiingereza kwa herufi za ukubwa wa siafu.

Don Wilfrido alifyonza mara ya tatu, akaja. Alisikiliza, akacheka kwa upole wake ule wa kibiashara, akamwambia dona Ivete kwamba simu haina kosa na ataona mwenyewe. Akachukua simu ya duka, akapiga laini ya Paraguay. Ikaita. Akakata. Akamwomba dona Ivete apige laini ya Brazil. Ikaita pia, kifuniko cha zambarau kikatetemeka juu ya kioo.

"Zote mbili," alisema. "Simu ni nzima. Kuhusu mtu, mimi siwezi kutoa dhamana."

Dona Ivete alimgeukia ña Fidelina. Wateja wawili walikuwa wamesimama kutazama. Ña Fidelina hakulia. Aliiweka sawa kola ya sare yake, akafungua pochi, akatoa funguo za fleti na kuziweka karibu na simu.

"Miaka kumi na moja," alisema. "Namnyoa ndevu mzee yule. Nitazima simu, mimi?"

Kisha akaniangalia. Hakunishtaki. Aliniangalia kama mtu anayemngoja mwanawe amalize kutafuna ili ajibu.

Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Chuoni nilikuwa naandika jibu kwenye karatasi na kumpa jirani asome. Lakini mikono yangu haina haya, na ndiyo iliyoanza. Nilichukua simu ya duka, nikapiga tena laini ya Paraguay. Simu ya ña Fidelina ilipoita nilimwomba aipokee na asikate. Akaiweka sikioni, tukawa tunasikilizana pumzi kutoka pande mbili za kaunta. Kwa sauti ambayo nadhani ilisikika kidogo sana, nilimwomba dona Ivete apige laini ya Brazil sasa.

Alipiga. Aliweka sauti ya nje bila kuambiwa. Ile sauti ya mashine ikasema kwa Kireno, taratibu na kwa adabu, kwamba simu unayopiga imezimwa au iko nje ya mtandao. Ña Fidelina alikuwa hatua moja kutoka kwake, simu sikioni, anaongea nami.

Dona Ivete akapiga tena. Ikawa vilevile. Akaitazama skrini ya ña Fidelina kwa muda mrefu. Hakuna kilichotokea juu yake, hakuna alama wala mtetemo.

Don Wilfrido alisema haraka kwamba huo ni mtandao wa Brazil, unajulikana, mawimbi yanafika huku yamechoka. Nikakata, nikageuza jaribio. Dona Ivete akapiga laini ya Brazil kwanza, ña Fidelina akapokea, na mimi nikapiga ile ya Paraguay. Safari hii mashine ilisema Kihispania. Mmoja wa wateja waliosimama akatoa simu yake mfukoni, akaitazama, akaniuliza na ya kwake je. Iliuzwa hapahapa, mwezi uliopita.

Bosi alisogea karibu nami, akainamisha kichwa kana kwamba anatafuta kitu chini ya kaunta.

"Waambie ni minara, binti," alininong'oneza. "Mto unaingilia. Ukisema hivyo tunafunga mjadala na tunakunywa tereré yetu."

Nilifungua mdomo. Kwa mazoea, "ndiyo, bosi" ilikuwa tayari ulimini. Nilimwona ña Fidelina bado ameshika simu sikioni, kwa sababu hakuna aliyemwambia ashushe, na macho ya dona Ivete yako juu ya zile funguo, hajui azichukue au azirudishe.

"Si minara," nilisema. Nilisema tena kwa nguvu, mpaka fundi wa kibanda cha jirani akageuka. "Si minara wala mto, don Wilfrido. Dona Ivete, mama huyu hakuzima simu na hajakudanganya hata kidogo. Aliniuliza jambo hilihili akiwa amesimama hapohapo, nami nilijua jibu ni hapana, nikamwambia ndiyo."