Dole la Chini

Mwandishi wa maelekezo alimwamini dada yake kuliko macho yake mwenyewe, na hapo ndipo alipoponzeka.

Kampuni ya maji ilikuwa na roboti ya kuwajibu wateja kwa maandishi, naye ndiye aliyeiandikia maelekezo: ijibu vipi, iulize nini, isiguse nini. Chini ya kila jibu palikuwa na dole gumba la juu kwa aliyeridhika na la chini kwa aliyenuna. Dada yake, mkongwe wa dawati la simu, alipewa kusoma mazungumzo yenye dole la chini na kuandika sababu ya kila moja. Mdogo mtu alizikusanya sababu zinazofanana, akarekebisha sentensi moja, kisha akaijaribu kwa maswali ya zamani, ya walionuna na ya walioridhika, asije akatibu jicho akavunja mguu.

Dada aliandika wiki hadi wiki kwamba majibu ni marefu. Basi mdogo wake akayafupisha. Majaribio yalipita, maana alichopima ni ufupi, lakini madole ya chini yakaongezeka. Akafupisha tena, roboti ikawa inajibu kama mtu aliyenuniwa na mkewe, na mambo yakazidi kuharibika. Meneja akamwambia hali isipobadilika mkataba wake hauongezwi.

Ndipo akaziacha zile sababu, akafungua mazungumzo yenyewe. Hakuna aliyelalamikia urefu. Mteja baada ya mteja aliandika kuwa bomba limepasuka, kuwa bili si yake, nipeni mtu niongee naye. Roboti ikamrudishia maelezo yaleyale, safari hii mafupi. Dada alikuwa amemdanganya. Angekuwa mtu baki angemtukana yakaisha, lakini huyu alimlea akimbeba mgongoni.

Alimkuta kwenye jiko la ofisi akisuuza kikombe, akamuuliza kwa nini. Dada hakukana.

"Roboti yako ikifaulu, sisi wa simu tunafungishwa virago. Ulikuwepo kwenye kikao walipolisema hilo. Jioni ukaja kwangu, ukala, ukanyamaza."

Ilikuwa kweli, na ilimchoma, ila haikumpoza hasira. "Ulisoma walichoandika?"

"Nisome cha nini? Nilijaza tu."

"Walikuwa wanaomba mtu, dada. Wanawaomba ninyi. Ungeandika hivyo, ningeiambia roboti iwapeleke kwenu."

Dada alikiweka kikombe chini polepole. Akasema asubuhi ile meneja amemwambia dawati linafungwa, wasirudi Jumatatu.

"Anasema ripoti zangu zinaonyesha hakuna mteja anayetaka kuongea na mtu."

Mdogo mtu alimwacha jikoni. Alirudi mezani kwake, akaandika kwamba anayeomba mtu apelekwe dawati la simu. Sentensi ilipita majaribio yote, ya walionuna na ya walioridhika, na kuanzia Jumatatu hakukuwa na wa kuipokea simu.