Bangili Iliyokuwa Ikidondoka

Siku Mama alipokufa, bangili yake ya dhahabu iligoma kutoka mkononi. Shangazi, aliyekuwa akimwosha, aliipaka sabuni, akavuta, akapumzika, akavuta tena.

"Wifi, acha ubishi," alimwambia maiti. "Huko uendako hakuna wa kuringia."

Mwishowe alimkunja kidole gumba ndani ya kiganja, akaubana mkono uwe mwembamba, bangili ikateleza. Akampa Kitinda, binti wa mwisho, kama Mama alivyousia. Alimpa kwa macho ya mtu anayeazimisha.

Kwa Kitinda bangili iliingia bila hodi na kutoka bila kuaga. Ilidondokea kwenye beseni la nguo. Ikadondokea kwenye sufuria ya mchuzi, Shangazi akaiopoa kwa mwiko.

"Ikidondoka tena, naivaa mimi," alisema, huku akiiramba.

Katika vitu vyote vya Mama, Kitinda alitaka hicho kimoja tu. Asubuhi alizungusha uzi kwenye kifundo cha mkono, akapiga fundo la kuonyesha kipimo, akaupeleka pamoja na bangili kwa sonara. Shangazi akafuata, eti kumsindikiza.

Sonara aliutazama uzi, akacheka hadi miwani ikamshuka.

"Bangili hii ni duara zima, haina bawaba. Nikiipunguza hadi hapa, dada, itabidi nikukate na gumba."

"Sasa nipime wapi?"

"Kunja gumba ndani, kama unaiba sukari kwenye kopo." Akazungusha utepe pale kiganja kilipo kipana zaidi, juu ya vifundo vya vidole. "Mlango ni huu. Huko kwenye kifundo cha mkono ni chumbani tu."

Akatoa pete kubwa za kujaribia. Ya kwanza iliingia vizuri.

"Hiyo hiyo!" Shangazi alidakia. "Atanenepa huyu. Mama yake naye alianza na mkono kama kijiti."

"Shusha mkono, tikisa," sonara alisema. Ikaanguka sakafuni.

Ya pili ilikwama kwenye gumba. Ya tatu ilinung'unika kwenye vifundo, ikapita, ikakaa. Kitinda alishusha mkono, akatikisa kama anayefukuza nzi. Akamtazama Shangazi, akatikisa tena. Haikutoka.

Sonara akaikata bangili ya Mama kwa kipimo hicho, akaziunganisha ncha kwa moto, akaing'arisha hadi kiungo kisionekane. Mezani kikabaki kipande kidogo. Shangazi alikitazama kama paka atazamavyo samaki. Kitinda akamwekea kiganjani.

"Hereni moja tu hii," Shangazi alisema, kisha akajipangusa macho kwa mtandio. "Wifi alikuwa bahili, jamani. Hata amekufa ananipa nusu."

Kipande kikawa hereni, na Shangazi anaivaa sikio la kulia. Kitinda anafua, anapika na kuosha vyombo na bangili mkononi, na akitaka kuitoa, lazima apake sabuni.