Maembe ya Nadhiri

Msimu ule nzi wa matunda walizidi kule Msambweni hata Mzee Kibwana akaapa kuwa mwembe wake umenenepa, kumbe ni nzi waliokaa juu yake. Watu walicheka. Damaris hakucheka. Alikuwa amekodi kipande cha shamba nyuma ya mwembe huo akapanda nyanya, na karibu kila aliyoipasua ilikuwa na mabuu.

"Mzee, nikimaliza kuvuna hizi chache, nahama. Nitatafuta shamba Matuga."

Kibwana aliumia kana kwamba ni binti wa kumzaa anayeozwa mbali, Vanga. Yeye na mkewe Bi Zainabu hawakujaliwa mtoto, na macho ya Zainabu yalikuwa yamefifia. Damaris ndiye aliyemsomea majina yaliyoandikwa kwenye kanga kabla hajaenda harusini.

Basi Kibwana akatoboa chupa za maji ubavuni kwa msumari wa moto, akatia maji ya sukari na hamira iliyoumuka, na sabuni kidogo ili nzi wazame. Akazitundika kivulini, mwembeni na kando ya nyanya.

"Nimewafungulia kilabu," akamtania Damaris. "Wakilewa hawarudi kwao."

"Wewe na kilabu, Mzee! Utaulizwa msikitini."

Chupa zilijaa nzi. Lakini nyanya zikazidi kuchomwa na nzi.

Sababu Kibwana aliijua, ila ulimi ulikuwa mzito. Zamani Zainabu alipopona homa kali, aliweka nadhiri: embe likianguka ni la mpita njia, mtu wa nyumba hii haliokoti. Sasa maembe yalioza chini, mabuu yakatambaa mchangani, yakatoka nzi wapya. Chupa ikinasa mmoja, ardhi inazaa kumi.

Asubuhi moja akaketi karibu na mkewe.

"Nyoosha kiganja, mwenzangu. Nimekosa, nimeokota embe moja."

Akalipasua. Buu likajikunja, likaruka kiganjani. Zainabu akashtuka.

"Yallah! Nini hiki?"

"Mpita njia wako. Ndiye anayekula sadaka yako. Akishiba hapa, wanawe wanakwenda kwa Damaris."

Zainabu akalikung'uta buu.

"Mimi niliahidi kulisha watu, Kibwana. Mungu hapewi embe bovu. Yachume yaliyokomaa kabla hayajaiva, uyaweke kikapuni njiani. Haya niondolee."

Tangu hapo waliokota wote wawili kila kukicha. Zainabu alipapasa nyasi kwa nyayo, akamshinda mumewe kwa kuona. Mabovu, pamoja na nyanya zilizochomwa, yalitiwa kwenye mfuko mweusi wa plastiki, ukafungwa fundo, ukaachwa juani mpaka mabuu yafe. Chupa nazo zilibadilishwa maji kila wiki. Mabuu hayakwisha, lakini yalipungua hata Damaris akapata nyanya za kuuza.

Siku moja Zainabu akasikia jembe.

"Damaris, unachimba nini, na wewe unahama?"

"Ndiyo, bibi, nahama. Natoka tuta hili naenda lile. Nisaidie kushika miche."

Zainabu akapiga magoti penye udongo, akanyoosha mikono.