Shingo ya Koti la Ndwiga

Kirimi mpiga picha alikuwa na studio hapo Makutano, juu ya duka la mbegu. Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa kilinituma kwake na koti, kwa sababu duka moja la Nairobi lilitaka picha kabla ya kutuagizia kazi ya kushona makoti. Walitaka koti lisimame lenyewe, bila sanamu ya kuvalishia nguo, shingo ionekane mpaka ndani.

Koti lililokuwa tayari ni moja tu, la marehemu mume wangu Ndwiga. Nililishona mwenyewe.

Kirimi akaivalisha sanamu koti, akapiga picha. Kisha akalivua, akalilaza juu ya kadibodi, akakunja mbele ili bitana ya nyuma ya shingo ionekane. Hapo akasimama.

"Mama Kagwiria, kuna doa."

Nililijua. Ni mstari wa kahawia, jasho na mafuta ya shingo yake. Tangu tumzike sijalifua.

"Nenda ulifue," akasema. "Nitakungoja."

"Siwezi."

Purity, katibu wetu, alikuwa amenisindikiza. Akacheka kidogo. "Mama, unatunza uchafu? Kikundi kizima kinangoja hii kazi."

Purity bwana yake alikuwa nyumbani akimngoja. Nikamuuliza Kirimi hiyo picha ya ndani anaifanyia nini.

"Ile ya mbele naikata kwa wembe, hii naiweka nyuma yake. Ni picha mbili, Mama. Mtu akiangalia anaona moja."

"Kwa hivyo shingo si lazima itoke kwa koti hili."

Akafikiria. "Ikiwa ni kitambaa kile kile na kipimo kile kile, sawa."

Mabaki nilikuwa nayo nyumbani, ya kitambaa na ya bitana. Nikashona mgongo wa juu na kola yake, basi, bila mikono, bila mbele. Nilimwomba Mungu anionyeshe kama ni uongo. Nikaona ni mkono ule ule na uzi ule ule, nikaendelea.

Nilipokipeleka studio kile kipande, Kirimi akakipiga picha kwa taa zile zile, kutoka umbali ule ule. Picha ya mbele akaipitisha wembe kufuata ukingo wa kola, shingo ya sanamu ikaanguka mezani. Mguu wa chuma wa ile sanamu pia akauondoa. Chini yake akatelezesha ile ya ndani mpaka mishono ya mabega ikakutana, akagundisha, akatia kivuli cha penseli ndani ya shingo, akazipiga tena zote kama picha moja.

"Ona," Purity akasema. "Ni kama bado kuna mtu ndani."

Nikaangalia ndani ya ile shingo. Ilikuwa safi, na nyuma yake giza la penseli.

Duka lilikubali. Siku hiyo akina mama waliimba. Mimi nilirudi nyumbani na koti, nikalitundika kwa msumari wake, doa likitazama ukuta, nikapika chakula cha mtu mmoja.