Saa za Bi Sauda

Rahel hakuzipenda tarakimu, na hakuwa na sababu ya kuzipenda. Kwa miaka miwili alikuwa akiandika matangazo ya simu katika studio ndogo ya Geofrey, ghorofa ya pili, jirani na stendi ya Msamvu. Mteja analeta maneno yake, Rahel anayanyoosha, kisha programu ya kompyuta inayasoma kwa sauti ya mwanamke na kuyasambaza kwenye simu za watu. Sauti hiyo pale studio waliibatiza jina la Bi Sauda. Ilikuwa sauti nzuri, ya mtu aliyeshiba na asiye na haraka. Tatizo la Bi Sauda lilikuwa moja tu: alisoma alichokiona, wala hakujali kama kinaeleweka.

Ukimwandikia "Sh. 3,500/=", anaikatakata vipande kama anayesoma maandishi ya kaburini: "shi, tatu, mkato, mia tano, mkwaju." Wakulima wa Mlali, wasiojua kwamba ule mstari wa mshazari nao huitwa mkwaju, waliwahi kupiga simu siku nzima kuuliza mkwaju umeingiaje kwenye bei ya mahindi. Ukimwandikia "watu 2", anasema "watu mbili", na bibi mmoja huko akamrekebisha kwenye simu, asijue anabishana na mashine. Tangu siku hiyo Rahel alibandika karatasi ukutani: HAKUNA TARAKIMU. Bei iandikwe shilingi elfu tatu na mia tano. Watu wawili. Tarehe kumi na nne Novemba. Namba ya simu itajwe moja moja, sifuri, saba, tano, na mkato katikati ili Bi Sauda apate pumzi. Malalamiko yakaisha. Geofrey akaanza kuwatambia wateja kwamba studio yake ndiyo inayoongea Kiswahili mjini Morogoro, na Rahel naye, tusifichane, kichwa kilimvimba kidogo.

Ndipo ikaja kazi ya kambi ya macho.

Madaktari wageni wangepanda Kinole kwa siku moja tu kuwatoa watu mtoto wa jicho, bila malipo. Agustino, muuguzi aliyeratibu kambi, aliituma karatasi Jumanne. Rahel aliisoma kwa hamu, maana mjomba wake Thobias alikuwa kwenye orodha ya waliokwisha pimwa. Jicho moja la mjomba lilikuwa limekwisha kufa, na la pili lilibaki na ukungu. Kwa Waluguru mjomba si ndugu wa pembeni. Ndiye aliyemlipia Rahel ada kwa mdalasini na iliki, ndiye aliyekaa mbele siku ya posa yake. Sasa alikuwa akipapasa ukuta kutafuta mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Kambi ikimpita, hakuna aliyejua nyingine ingekuja lini, na jicho lililobaki halikuwa na subira.

Karatasi ilisema: "Alhamisi 14/11. Usajili 2:00 – 6:00. Gari litawarudisha wagonjwa kabla ya giza."

Tarehe haikumsumbua. Kwenye saa pia hakusita hata kidogo, na hapo ndipo alipojikwaa. Wateja wake wengi walikuwa makampuni, na makampuni huandika saa za Kizungu. Mkono wake ulikuwa umezoea kugeuza: nane inakuwa mbili, mbili inakuwa nane. Akaandika: usajili utaanza saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Bi Sauda akaisoma kwa utamu wa asali. Geofrey, akiwa mlangoni na funguo mkononi, alisema hakuna haja ya kumrudishia mteja asikilize, siku hazitoshi. Jumatano asubuhi ujumbe ukaenda kwenye simu zote za tarafa.

Kabla ya adhuhuri mama yake mdogo, Yuliana, anayekaa Kinole karibu na soko, alimpigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimemsikia yule dada yenu wa kwenye simu. Anaongea vizuri huyo! Sina hata swali la saa. Ila moja tu linanitatiza."

"Lipi, mama?"

"Usajili unaisha saa kumi na mbili jioni. Gari linawarudisha wagonjwa kabla ya giza. Sasa hao wa mwisho watapasuliwa saa ngapi?"

Rahel alivuta karatasi ya Agustino na kuzitazama zile tarakimu za saa kama vile zimewekwa pale muda huo huo. Mbili. Sita.

"Mama, mjomba yuko wapi?"

"Amepanda shamba la juu jana na kijana wa jirani, wanachuma iliki. Nimempelekea habari kwa mtu anayepanda: ashuke kesho saa tano, awahi saa nane. Huko simu haishiki."

Agustino alipatikana mara ya tatu. "Saa nane?" alisema. "Dada, saa mbili asubuhi mpaka saa sita mchana! Mchana mvua inashuka, barabara ile gari linapita kwa taabu. Mimi nimeandika Kiswahili, wewe umesoma Kizungu?"

"Nimekosea, kaka. Ningekupigia."

"Ungenipigia," alisema Agustino, akakata simu.

Kilichomchoma Rahel zaidi si kukosea, watu hukosea. Ni kwamba tarakimu zingeachwa vile vile, Bi Sauda angesema "mbili sifuri sifuri", watu wangecheka, wangepiga simu kuuliza, na mtu angewajibu. Yeye alikisia, akakivisha kisio chake maneno kamili, na maneno kamili hakuna anayeyauliza.

Geofrey alipoelezwa alishika kiuno. "Basi tuma ukumbusho wenye saa sahihi. Usiseme tulikosea. Mteja atatukimbia."

"Asubuhi wamesikia saa nane, jioni hii wasikie saa mbili, na sauti ni ile ile. Wafuate ipi?"

"Ya mwisho."

"Nani atawaambia ya mwisho ndiyo ya kweli? Kuna watakaofikiri ni makundi mawili. Lazima tuseme ile ya kwanza ni ya uongo."

"Uongo! Neno gani hilo, Rahel?"

"Basi kosa."

Geofrey alizunguka meza mara mbili. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye kodi ya pango. Mwisho akasema, "Andika. Lakini mpe kwanza Agustino asikilize," na Rahel akaona aibu imemfika na yeye pia.

Akaandika: Ujumbe mliosikia leo asubuhi ulikosea saa. Msiufuate. Usajili utaanza kesho Alhamisi saa mbili asubuhi, watoto wakiwa wameingia darasani, na utafungwa saa sita mchana, jua likiwa utosini. Agustino alisikiliza, akasema ndiyo. Bi Sauda akasoma kwa sauti ile ile ya utulivu, bila chembe ya majuto, na ujumbe ukaondoka.

Kwa mjomba haukufika. Rahel alipanda gari la mwisho la Kinole, akalala kwa mama mdogo ambaye goti lilimzuia kupanda mlima, na alfajiri akaanza njia. Udongo ulikuwa bado na mvua ya jana. Aliteleza, akashika migomba, akajitukana kwa sauti maana hapakuwa na wa kumsikia. Alimkuta mjomba ameketi kwenye kibanda, akichambua iliki kwa vidole.

"Shikamoo, mjomba. Twende."

"Marahaba. Nani, Rahel? Mbona mapema? Tumeambiwa saa nane."

"Aliyewaambia saa nane ni mimi, mjomba. Ni saa mbili."

Mzee Thobias aligeuza uso upande wa sauti yake. Akaweka iliki chini, akanyoosha mkono ashikwe. "Basi utanibeba kwa kosa lako," alisema, na walishuka mlima akicheka kila alipoteleza, Rahel akiwa karibu kulia.

Walifika kituo cha afya saa tano na ushei. Jina lake likapigwa tiki. Akaingia ndani akiegemea bega la Agustino, na Rahel akakaa kwenye benchi, miguu yote matope. Watu walikuwa wengi. Ujumbe wa pili ulikuwa umefanya kazi yake. Saa sita mlango wa usajili ukafungwa. Saa nane kasoro mjomba alitoka na kitambaa kwenye jicho, akisema hajasikia maumivu, anasikia njaa tu. Wingu lilikuwa limeshika mlima na dereva alianza kufunga masanduku.

Hapo ndipo kikongwe mmoja, Bibi Mwaisha, alipoingia uani.

Alikuwa ameshikwa mkono na mkwe wake. Alivaa khanga mpya, mkunjo wa dukani bado unaonekana, na ndala alizibeba mkononi ili zisichafuke njiani. Mkwe alisema wametoka mbali, nyuma ya kilima cha pili. Simu iliishiwa chaji baada ya ujumbe wa asubuhi.

"Tumewahi, mwanangu?" bibi aliuliza. "Yule dada alisema saa nane. Sisi tumejitahidi tufike kabla."

Agustino alimtazama Rahel, kisha akatazama chini. Rahel akainuka. Kwa mjomba wake alikuwa amepanda mlima. Kwa huyu alituma sauti, na sauti ilimdanganya.

"Ni kosa langu, bibi. Usajili umefungwa. Mimi ndiye niliyeandika saa nane."

Bibi Mwaisha alisimama na ndala zake mkononi. "Ah," alisema. Hakugomba. Rahel angependa agombe.

Agustino alikwenda kumsihi daktari mgeni. Vifaa vilikwisha fungwa, dereva akionyesha wingu. Daktari alimpima bibi kwa kurunzi pale pale uani, akaitikia kwa kichwa kwamba jicho linaweza kusubiri, akaandika kwenye kadi siku ya kupasuliwa hospitalini mjini na kumpa mkwe wake: 2/5, 2:00.

Rahel aliiona ikipita. "Samahani, naomba kadi," alisema. Mkono wake ulikuwa tayari umekwisha igeuza: tarehe mbili Mei. Akaufunga mdomo. Akamfuata daktari hadi kwenye gari.

"Daktari, hii ni tarehe mbili mwezi wa tano?"

Agustino alitafsiri. Daktari akatikisa kichwa. Kwao mwezi hutangulia. Ni tarehe tano mwezi wa pili.

"Na saa?"

Daktari alinyoosha kidole kwa Agustino: saa hiyo aliambiwa na yeye. "Saa mbili asubuhi," alisema Agustino. Rahel akamwomba aseme tena.

Alirudi uani, akaweka kadi gotini, akakata tarakimu zote kwa mstari na kuandika chini yake: tarehe tano, mwezi wa pili, saa mbili asubuhi. Akamsomea bibi polepole, akamsomea na mkwe wake. Halafu akaandika namba yake ya simu.

"Nitakuja kukuchukua mwenyewe," alisema.

Bibi Mwaisha alipokea kadi asiyoweza kuiona, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Uje," alisema. "Lakini niambie na jua litakuwa wapi. Hilo bado naliona."