Baba wa Kavata

Kavata ana miaka saba, na moyo wake una tundu. Hospitali ya India ilikuwa imempa nafasi ya kupasuliwa, lakini bado hakuwa na pasipoti.

Kwenye saiba ya Kitengela, duka la kompyuta na intaneti, Judy, mhudumu aliyekuwa akijaza fomu, alimwuliza babu yake Kavata, Mzee Mbithi, "Uhusiano wako na mtoto niandike nini?"

"Baba."

"Guka, si wewe ni babu?"

"Kwetu mahari isipolipwa, mtoto ni wa boma la mama yake. Andika baba."

Judy aliandika. Ofisi ya pasipoti ilirudisha ombi. Cheti cha kuzaliwa kilimtaja baba mwingine, Githongo, na Nzula, binti wa Mzee na mama yake Kavata, alikuwa amekufa.

"Mzee, lete idhini ya Githongo na kitambulisho chake," afisa alisema. "Ama uombe ulezi katika mahakama ya Kajiado. Hapo uhusiano utaandikwa mlezi."

"Na barua ya chifu?"

"Haitoshi."

Mahakama ingechukua miezi, na Kavata alikuwa anahema hata akiwa amekaa. Mzee akampigia simu Githongo, ambaye alikuwa amehamia Rombo.

"Mtoto anataka sahihi ya baba yake," alisema.

"Nilikuja matanga ya Nzula nikiomba kumwona Kavata. Ulisema sina mtoto kwako."

"Nilisema."

"Basi weka sahihi wewe, baba yake."

Simu ikakatika. Mzee akapiga tena, na tena, lakini ilikuwa imezimwa. Asubuhi alimbeba Kavata mgongoni, wakaenda Kajiado kuomba ulezi.