Soda ya Kwenye Droo

Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka ishirini na mbili sijawahi kushona koti lenye mikono miwili ya kushoto. Mwaka huu nimelishona. Bwana harusi alilivaa mbele ya kioo changu, akageuka huku na huku, akaniuliza kama hiyo ndiyo fasheni mpya. Zamani ningecheka mpaka nikae chini. Siku hiyo nilimtazama tu, nikaona uvivu hata wa kuomba radhi.

"Ni sukari hiyo," alisema mke wangu nilipomsimulia.

Kwetu kila kitu kilikuwa sukari. Nikichoka, sukari. Nikikosa usingizi, sukari. Niliponyamazisha redio ya dukani kwa sababu sauti za watu zilikuwa zinanichosha, nami nilijiambia ni sukari. Nani angebisha? Nina kadi ya kliniki inayosema hivyo kwa mhuri.

Nadhani ilianza siku niliyodondoka. Nilikuwa nimejidunga insulini asubuhi, kazi zikanibana, sikula. Saa nne mikono ikaanza kutetemeka, jasho likanitoka, moyo ukaenda mbio. Kabla sijasimama, sindano ya cherehani ilishapita kwenye kidole gumba, nikadondoka. Jirani yangu muuza viatu alininywesha soda, na baada ya dakika kumi nikawa mtu tena. Sukari ilikuwa imeshuka, wakaniambia, na ikishuka sana mtu anaweza kufa. Nililishika hilo neno la mwisho. Yale mengine yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Tangu hapo sikukaa dukani bila soda kwenye droo. Nikitetemeka tu, nakunywa. Sikuwa napima, maana vijiti vya kupimia vilikuwa vichache na mtu anayedhani anakufa hana muda wa kutafuta miwani. Mwanzoni ilikuwa mara moja kwa wiki. Ikawa kila siku, halafu asubuhi na mchana. Nilikuwa natetemeka hata nikisikia tu mlango wa duka unafunguliwa.

Kliniki nilikwenda kila mwezi bila kukosa. Unapimwa uzito, presha, sukari, unavua viatu waone miguu, kisha unaingia kwa daktari. Daktari wetu ni kijana mpole sana, ila nje ana benchi zima linamsubiri.

"Mzee wangu, sukari kumi na tano. Unakula nini?"

"Mnachoniambia nile."

"Basi tuongeze dozi kidogo."

Akaongeza. Mwezi uliofuata akaongeza tena. Kwa namba alizokuwa nazo, angefanya nini kingine? Lakini kila alipoongeza, mimi niliona kifo kimesogezwa karibu, nikawa nakunywa soda zaidi. Halafu siku nyingine nikaanza kuruka sindano kabisa. Nikiulizwa hali, nilijibu sijambo. Ndivyo mtu anavyojibu.

Mke wangu alikuja dukani kuchukua vipande vya nguo, akaukuta mzigo wangu: chupa tupu za soda kumi na moja ndani ya gunia. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Baba watoto, mimi napika chakula bila hata punje ya sukari, nakila pamoja na wewe. Kumbe unakuja huku kujiua kwa tamaa?"

Nilitaka kumweleza, nikashindwa. Ningesema nini? Kwamba sizipendi soda? Kwamba zinanikinaisha? Mimi mwenyewe nilikuwa sijielewi.

Kesho yake alikuja akaketi dukani kama askari wa lindo. Saa nne ikafika, mikono ikaanza. Nikanyoosha mkono kwenye droo, naye akaizuia kwa goti.

"Pima kwanza."

"Nakufa, mwanamke."

"Utakufa umepimwa."

Akanitoboa kidole mwenyewe. Tukaangalia wote wawili kimashine changu cha kupimia: kumi na tatu nukta nne. Kushuka ni chini ya nne. Nilikuwa juu, juu sana, na bado mikono ilikuwa inatetemeka na shati limeloa.

"Hiki kidude kibovu," nikasema.

Basi tukabeba kidude mpaka kliniki, kwa muuguzi wa chumba cha kupimia. Ni mama wa makamo aliyewahi kunipa sketi tatu nimpunguzie viuno. Akanipima kwa mashine yake na kwa yangu. Namba zikakaribiana.

"Mashine nzima, Fundi."

"Basi mbovu ni mimi."

Alicheka, kisha akaacha kucheka, akaniangalia. Alinipa kopo la vijiti. Kila nikitetemeka nipime kabla ya kunywa chochote, niandike. Ikiwa chini ya nne, ninywe soda haraka. Nikishindwa kupima, ninywe vilevile. Nirudi baada ya wiki.

Nilirudi na karatasi. Mara tisa nilikuwa juu. Mara moja tu, siku niliyochelewa kula, tatu nukta tatu.

"Sasa nitajuaje?" nilimuuliza. Nilikuwa nimechanganyikiwa kuliko mwanzo. "Ile moja na zile tisa zilikuwa kitu kilekile. Jasho lilelile."

"Huwezi kujua bila kupima. Mwili una kengele moja tu. Sukari ikishuka inalia, na hofu ikizidi inalia hiyohiyo. Na sisi tuliokaa hapa tuliona namba, tukasema Fundi anakula ovyo." Akasogeza kiti chake. "Wiki mbili hizi, mambo uliyokuwa unayapenda, bado unayapenda?"

Nikamwambia habari ya redio. Nikamwambia habari ya koti.

"Umekuwa ukijisikia huzuni? Au kukata tamaa?"

"Sista, mimi si kichaa."

"Sijasema. Hata ugonjwa wa kila siku peke yake unamchosha mtu roho, na kuchoka roho ni ugonjwa, una matibabu yake. Umewahi kuwaza kwamba bora usiamke?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Miaka sita wameniuliza kuhusu vidole vya miguu. Nikaangalia sakafu, nikamwambia kwamba sindano nilizokuwa naruka, nyingine niliruka kwa hofu, na nyingine niliruka kwa sababu nilitaka tu mambo yaishe.

Alichukua faili langu. Lina nafasi ya uzito, ya presha, ya sukari, ya macho, ya miguu. Alilipekua mbele na nyuma akitafuta pa kuandika, mwishowe akaandika pembeni, wima, kwa kalamu nyekundu. Akaingia nami kwa daktari. Daktari aligeuza faili ubavu ili asome, akaweka kalamu chini.

"Leo hatuongezi dozi," alisema. Akaandika barua, nimwone mwenzake wa afya ya akili mchana uleule. "Nisamehe, mzee wangu."

Sikujua namsamehe nini. Nilisema sijambo, kwa mazoea, na muuguzi akanigusa bega. Aliniomba jambo moja: mke wangu asiisikie habari hii kwa mtu mwingine, nimwambie mwenyewe.

Alikuwa kwenye benchi la nje, mkoba magotini. Akasimama.

"Sukari ngapi?"

Sikumbuki nilianzia wapi. Nilimwambia yote, sindano pia, watu wakipita katikati yetu na karatasi zao. Nilitegemea atalia au atanifokea. Alinishika kidole gumba, kile chenye kovu, akakibana.

"Wao walihesabu sukari," alisema, "na mimi nilikuwa nahesabu chupa."